Kipengele cha Saba

Mficha uchi hazai, wamesema wahenga. Wahenga hawakuwahi kufika kwenye karakana ya Shangazi. Pale mficha uchi alizaa, tena mapacha: kitabu cha buluu cha kuwaonyesha watu wa kodi, na kitabu cheusi cha Shangazi peke yake. Mkunga wa mapacha hao alikuwa Kalamu.

Jina la Kalamu alipewa na mafundi, kwa sababu alikuwa na kalamu imechomekwa kwenye nywele tangu asubuhi hadi kufunga, na siku akiikosa huipekua meza nzima huku imemkaa kichwani. Alikuwa binti wa kaka yake Shangazi. Baba alipofariki, Shangazi ndiye aliyeuza kontena la vitambaa akamlipia ada ya chuo, miaka mitatu ya uhasibu, hadi akapata stashahada. Cheti chake kilining'inia ukutani juu ya meza ya kukatia, kimefunikwa na plastiki kisishike vumbi la nyuzi, na kila mteja aliyeingia kupima sare ya mtoto aliambiwa: "Ule pale ni mkono wangu wa kulia, umesoma."

Asubuhi ya Jumanne, vyerehani vinane vikiwa vinakimbia, redio ilitangaza jambo lililomfanya Shangazi anyanyue mkono. Vyerehani vikanyamaza kimoja baada ya kingine.

Serikali imefungua dirisha la msamaha wa kodi, mtangazaji alisema, la siku sitini. Atakayejitokeza mwenyewe, akatangaza yote aliyoyaficha katika miaka mitatu iliyopita na kulipa kodi ya msingi, atafutiwa riba na adhabu.

"Na mimi nifutiwe mchango wa upatu wa wiki hii!" alipiga kelele Mama Vifungo kutoka kona ya kutobolea matundu ya vifungo.

"Wewe huna kodi, una madeni," mwenzake alimjibu, na karakana nzima ikaangua kicheko.

Shangazi hakucheka. Alimtazama Kalamu juu ya miwani, na Kalamu akayainamisha macho kwenye kitabu cha buluu. Mbwa aliyeiba nyama hasubiri kuitwa jina.

"Njoo ofisini," Shangazi alisema.

Ofisi ilikuwa pembe ya karakana iliyozungushiwa mbao, na mlango wake ulikuwa pazia la kitambaa cha sare kilichokosewa rangi. Shangazi aliketi, akavua viatu, akaisugua miguu yake iliyovimba.

"Zile shule tunazoziuzia sare, siku hizi zinapeleka majina ya wauzaji wao kule kwenye mfumo wa kodi. Nimesikia kwa mwenye duka la viatu, wamemfuata hivyohivyo. Mauzo yetu ya fedha taslimu, yale ya Januari, hatukuyaandika. Kabla hawajabisha hodi, mwanangu, bora tufungue wenyewe. Nenda kesho, usikie masharti yao. Masikio mawili, mdomo mmoja."

"Na yale mengine, Shangazi?"

"Yapi?"

"Ya Mzee Futi."

Shangazi aliacha kuisugua miguu. "Nenda kwanza ukasikilize," alisema.

Mzee Futi alikuwa fundi wa kwanza wa karakana hiyo, tangu ilipokuwa kibaraza na cherehani kimoja. Futi yake ya kupimia haikumtoka shingoni hata siku za mapumziko, ndiyo ikamzalia jina. Miaka minne iliyopita macho yalianza kumsaliti, sindano ikawa inamchoma vidole, akaaga kwa heshima. Alikwenda, lakini namba yake ya mlipakodi ilibaki kwenye faili.

Kalamu alikuwa ametoka chuoni mwaka huo, ana njaa ya kusifiwa. Shangazi alilalamika kwamba faida ya kwenye kitabu ni kubwa na kodi yake itawanyonya damu. Kalamu akaja na dawa. Kila mwezi aliandika hati ya malipo: milioni moja na nusu kwa Mzee Futi, kazi ya ushonaji wa nje. Malipo hewa. Gharama ikapanda, faida ikashuka. Hapo wengine wangeishia. Yeye akaongeza umaridadi. Sheria ilitaka anayemlipa fundi wa nje akate asilimia tano, kodi ya zuio, aipeleke serikalini kwa niaba ya fundi. Kalamu akaikata. Elfu sabini na tano kila mwezi, kwa tarehe, bila kuchelewa hata mara moja. Mwongo gani, alijiambia, hulipia kodi uongo wake? Nani atawashuku? Walitoa elfu sabini na tano ili waokoe laki nne na nusu. Shangazi alimkumbatia. "Akili hiyo," alisema, "akili hiyo nililipia mimi."

Umaridadi huo ndio uliomuua mzee wa watu. Kwa kila elfu sabini na tano aliyoipeleka Kalamu, mfumo ulitoa cheti chenye namba ya Mzee Futi: huyu amelipwa milioni moja na nusu. Miezi thelathini na sita. Milioni hamsini na nne, za mtu aliyekuwa akirekebisha zipu kwenye baraza ya nyumba yake na kulipwa sarafu. Siku mfumo ulipolinganisha vyeti na ritani, zile taarifa za mapato za kila mwaka, ukaona mzee hajatangaza kitu. Ukamwandikia makadirio ya kodi anayodaiwa.

Na mzee alilipeleka wapi lile karatasi la makadirio? Kwa msomi pekee aliyemjua.

Alikuja asubuhi, wiki saba kabla ya redio kutangaza msamaha, amelikunja ndani ya mfuko wa nailoni. "Binti, macho yangu unayajua. Nisomee." Kalamu alilisoma. Kodi ya msingi milioni tisa, riba na adhabu milioni nne na nusu. Chini, kwa herufi ndogo: una siku thelathini za kuwasilisha pingamizi. Zilikuwa zimepita siku tisa.

"Ni makosa ya mfumo, Mzee," alisema. "Kompyuta zao zinachanganya majina. Subiri tu, itajirekebisha."

"Nisiende popote?"

"Usiende popote."

Mzee alishukuru, akambariki. Akamwachia na machungwa manne. Kalamu hakuyala. Yaliozea kwenye droo, na harufu yake ilikaa humo wiki mbili, naye hakumruhusu mfagiaji kuigusa droo hiyo. Siku ishirini na moja zilizosalia zikapita moja moja, na kila ilipopita aliihesabu.

Sasa, Jumatano, alikuwa ameketi kwenye ukumbi wa ofisi ya kodi, mbele ya dawati lililobandikwa karatasi: MSAMAHA — KARIBU BILA HOFU. Afisa wa dawati alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya mwalimu wa chekechea, na kikombe cha chai alichokifunika kwa sosa kila alipomaliza kumeza.

"Biashara yako imeandikiwa barua ya uchunguzi?"

"Bado. Na si yangu, ya shangazi yangu."

"Basi mlango uko wazi kwake. Ukiandikiwa barua kabla ya kuomba, mlango umefungwa. Sharti la pili: anatangaza yote. Si nusu, si robo tatu. Tukija kugundua alibakiza, msamaha wote ni batili, na riba na adhabu zinarudi kama zilivyokuwa. La tatu, akishatangaza amekiri. Hawezi kesho kuja kupinga hesabu aliyoiandika mwenyewe. La nne, kama hana fedha zote, tunampa awamu. Akikosa awamu moja," alikifunika kikombe, "msamaha unakufa, kukiri kunabaki."

Kalamu aliandika.

"Na kama... kulikuwa na gharama ambazo hazikutokea? Watu walioandikwa kulipwa na hawakulipwa?"

Afisa hakushtuka hata kidogo. Alifungua fomu ukurasa wa tatu, akaweka ukucha. "Kipengele cha saba. Taja malipo hayo yote, na majina na namba za walioandikwa."

"Na hao walioandikwa, inakuwaje kwao?"

"Tukipata ushahidi mpya, Kamishna ana uwezo wa kuyarekebisha makadirio yao, hata kama siku za pingamizi zimepita. Isipokuwa mtu awe ameshasaini kuyakubali. Hapo kamba amejikatia mwenyewe."

"Na aliyeziandaa hesabu? Akiwa, tuseme, alisaini kwa jina la mwingine?"

Safari hii afisa alimtazama vizuri. Alimtazama hadi kwenye kalamu ya nywele.

"Mwanangu," alisema polepole, "msamaha huu unafuta riba na adhabu za mwombaji. Kughushi saini ni mlango mwingine, na ufunguo wake sinao mimi. Nikupe na maji?"

Alikuwa anakataa maji aliposikia kicheko anachokijua. Dawati la pili, futi shingoni, Mzee Futi alikuwa anapokea fomu kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto mchanga.

"Binti! Na wewe uko huku? Mungu mkubwa."

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, marahaba. Ule mfumo haukujirekebisha, bwana. Nilikwenda kuomba kibanda kwenye soko jipya, wanataka cheti cha kutodaiwa kodi. Nikaambiwa, wewe mzee ni tajiri, una milioni hamsini na nne! Nikacheka mpaka nikakaa chini." Alicheka tena, kidogo. "Lakini huyu kijana wa hapa ananiambia, jiunge na msamaha, zile nne na nusu zinafutwa. Inabaki tisa. Nikishasaini kukubali, nalipa kidogo kidogo. Nitauza kile cherehani cha chuma na kiwanja cha mama watoto. Kibanda nitakipata."

"Mzee, lakini hizo fedha hukuzipata."

"Sikuzipata. Lakini karatasi inasema nilizipata, na mimi sijui kusoma kuliko karatasi." Aliipangusa ile fomu vumbi lisilokuwepo. "Ijumaa narudi kusaini. Au wewe msomi unasemaje?"

Hapo palikuwa pa kusema. Palikuwa wazi kama uwanja wa mpira. Kalamu alifungua mdomo na yakatoka haya: "Usisaini kabla sijakuona, Mzee."

"Haya, mama. Mimi si ninakutegemea wewe."

Kalamu alirudi karakana kwa miguu, mwendo wa saa nzima, kwa kuwa hakutaka kuketi karibu na mtu yeyote.

Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akavuta kikokotoo. Vidole vyake vinene vilikuwa hodari kuliko vya Kalamu.

"Kodi ya mauzo tuliyoyaficha, milioni thelathini na moja. Hiyo ninayo, nikiuza gari. Nalipa mara moja, dirisha linafungwa nikiwa ndani. Ukiongeza ya Mzee Futi?"

"Kumi na sita na laki mbili."

"Arobaini na saba. Hiyo sina. Ndiyo kusema awamu. Na shule zinalipa lini sare zake?" Alijijibu mwenyewe. "Zinapojisikia. Nikikosa awamu moja, si nimejitia kitanzi na kamba nimenunua mwenyewe? Nimeshakiri, na adhabu zimerudi. Karakana inakwenda. Mama Vifungo anakwenda. Wote wanane." Aliusukuma ukurasa wa tatu wa fomu aliyokuja nayo Kalamu. "Kipengele cha saba andika 'hakuna'."

"Shangazi, tukibakiza, msamaha wote ni batili."

"Watakaojua ni nani? Wewe na mimi."

"Na Mzee Futi. Ijumaa anasaini kukubali. Anauza cherehani."

Nje, mtu alikuwa anajaribu cherehani kwa mwendo wa kukatakata. Uso wa Shangazi haukuwa uso wa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchoma Kalamu. Ulikuwa uso uleule ulioinama kumwosha miguu siku ya mazishi ya baba yake.

"Nitamsaidia," Shangazi alisema. "Kimyakimya. Nitampa laki mbili tatu kila mwezi. Atapata hicho kibanda. Mtu huwezi kuvua nguo zote mbele ya mganga, unavua pale panapouma tu."

"Panapouma ndipo hapo."

"Unaniambia mimi? Nani alikuja na habari ya kodi ya zuio? Mimi nilijua hata inaandikwaje?" Sauti ilishuka. "Saini za mzee kwenye zile hati ni za nani, mwanangu? Kipengele cha saba ukikijaza, mimi nitalipa fedha. Wewe utalipa nini?"

Yalikuwa kweli, kila neno. Zile saini alikuwa amejifunza kuziandika kutoka kwenye orodha ya mishahara ya zamani. Herufi ya mwisho mzee alikuwa akiizungusha kama kishikizo, na Kalamu alifika mahali akaizungusha vizuri kuliko mwenyewe. Usiku huo hakulala, na asubuhi ya Alhamisi alikwenda kwa mzee kabla ya kwenda kazini.

Alimkuta barazani. Kichwa cha cherehani kilikuwa kimeshatolewa kwenye meza yake, kimelazwa juu ya gunia, na mzee alikuwa anakifuta mafuta kwa kitambaa laini, mpaka kwenye magurudumu madogo ambayo mnunuzi hatayaona.

"Karibu kiti. Mnunuzi anakuja saa nne. Nisubiri nikishike vizuri, kilikuwa cha marehemu baba."

Kalamu hakuketi. Alijua akiketi atazunguka.

"Mzee, mfumo haukukosea. Mimi ndiye niliyekuandika. Kila mwezi, miaka mitatu, niliandika umelipwa na hukulipwa. Saini niliiga. Na ulipokuja na lile karatasi nilikuwa najua, nilikuwa najua na zile siku thelathini. Nilikuambia usiende popote ili zipite."

Hilo la mwisho hakuwahi kujiambia hata mwenyewe. Lilitoka, likasimama baina yao.

Kitambaa cha mzee kiliendelea kuzunguka, kikapunguza mwendo, kikasimama.

"Zile siku," mzee alisema. "Zilikuwepo za kukataa?"

"Zilikuwepo ishirini na moja."

"Ishirini na moja." Alivuta futi kutoka shingoni, akaikunja taratibu kwenye kiganja, kama afanyavyo fundi akishamaliza kupima na hataki tena kubishana. "Sare yako ya darasa la kwanza niliishona mimi. Mabega yako yalikuwa hivi." Aliutenga mkono na mwingine, umbali mdogo. "Baba yako alitaka kubwa ili ikae miaka miwili. Nikamwambia, mtoto asivae cha mtu mwingine, atajikwaa."

"Nisamehe, Mzee."

"Hapana."

Alilisema bila hasira, kama anayejibu kuhusu bei.

"Nilikubariki," aliendelea. "Nilikuletea machungwa. Kwa hiyo samahani yako kaa nayo, labda siku moja nitaiulizia. Sasa hivi machozi sina pa kuyaweka. Nataka karatasi. Karatasi ndiyo iliyoniua, na karatasi itanifufua. Una kalamu?"

Alikuwa nayo, kichwani. Aliketi kwenye ngazi akaandika ukurasa mmoja na nusu: kwamba yeye, mwandaaji wa hesabu za karakana, aliandika malipo thelathini na sita ambayo hayakufanyika, kwamba saini za mpokeaji aliziandika yeye, kwamba mlipakodi alichelewa kuwasilisha pingamizi kwa sababu yeye alimpotosha. Akaweka tarehe na namba ya kitambulisho chake. Kisha akaandika barua ya pili fupi, ya mzee kuomba aongezewe muda wa kupinga, na akamsomea zote mbili, polepole, bila kuruka neno.

"Soma tena pale pa kupotosha," mzee alisema.

Akasoma tena.

"Mnunuzi akija nitamwambia asubiri. Hizi nazipeleka leo?"

Kalamu aliirudisha kalamu kwenye nywele. "Ukizipeleka leo, leo wataanza kuichunguza karakana, na Shangazi atakuwa amefungiwa mlango wa msamaha. Wale mafundi wanane... Nipe mpaka kesho saa sita. Akitangaza yote mwenyewe, makadirio yako yanarekebishwa na yeye anafutiwa adhabu. Asipotangaza, kesho saa sita na dakika moja nenda. Usinisubiri, usinisikilize, hata nikikupigia simu ninalia."

Mzee alizikunja barua, akaziingiza mfuko wa shati upande wa moyo. "Sitakusikiliza," alisema. "Hilo usiwe na wasiwasi nalo."

Shangazi alipoambiwa, kwanza alicheka. Kisha akasimama. Pazia la sare iliyokosewa rangi lilitikisika, na vyerehani nje vikanyamaza vyenyewe, bila kunyanyuliwa mkono.

"Unanipangia saa? Mimi? Niliuza kontena, nikavaa kandambili mwaka mzima, ili uje unipangie saa ya kunyongwa?"

"Saa ya kuingia, Shangazi. Ukitangaza wewe kwanza, unaingia. Akitangaza yeye kwanza, huingii tena."

"Na awamu? Utazilipa wewe?"

"Nimezipiga hesabu." Alimwekea karatasi. "Thelathini na moja unalipa sasa, kama ulivyosema. Iliyobaki ni awamu nne, na awamu nimezipanga miezi ambayo tunauza kwa fedha taslimu, siyo ile ya kungoja shule. Fedha ya Januari isiguswe, hata kwa kodi ya nyumba. Mshahara wangu usinipe mpaka awamu ya mwisho. Ukinikuta bado nipo."

"Ukinikuta bado nipo," Shangazi alirudia, na sauti ikapasuka katikati. "Kwenye ile hati yako umejitaja?"

"Nimejitaja."

"Mjinga wewe. Mjinga mkubwa." Aliketi kwa uzito, akaufunika uso wake kwa mikono miwili. Nje Mama Vifungo alikohoa kikohozi cha mtu ambaye amesikia yote na anataka ajulikane kuwa hajasikia.

Ijumaa, saa nne na nusu asubuhi, walikuwa mbele ya yule afisa mwenye kikombe. Shangazi alivaa gauni lake la harusi za watu. Alisaini kila ukurasa kwa kubonyeza sana, mpaka saini ikatokea upande wa pili. Walipofika ukurasa wa tatu, kalamu ilisimama juu ya kipengele cha saba. Kilikuwa kimejazwa: jina, namba, miezi thelathini na sita, na maneno *hayakufanyika*. Chini, mbele ya neno *Mwandaaji*, palikuwa na jina kamili la binti wa kaka yake, kwa mwandiko wake halisi, usio na herufi yoyote ya kuzungusha kama kishikizo.

Shangazi alisaini. Afisa akagonga muhuri, akamwambia Kalamu bila kunyanyua macho, "Wewe tutakuita. Usisafiri."

Nje, kwenye ngazi, jua lilikuwa limeshapanda. Ng'ambo ya barabara Mzee Futi alikuwa ameketi kwenye ukuta mfupi, futi shingoni, barua mfukoni, anatazama saa ya mkononi kwa kuileta karibu kabisa na jicho. Kalamu aliinua nakala yenye muhuri aione. Mzee aliinuka, akaitazama kwa mbali nakala asiyoweza kuisoma, akaitikia kwa kichwa mara moja, akaondoka. Hakuja kushukuru, na Kalamu hakutarajia.

"Ulimwomba radhi yule?" Shangazi aliuliza.

"Nilimwomba. Hakuipokea."

Shangazi alivuta pumzi ndefu. Macho yalikuwa mekundu, na kwa mara ya kwanza alionekana mfupi.

"Basi niombe mimi," alisema. "Umenifanya niuze gari, umenianika mbele ya watu, umenipangia saa kama mwizi. Lakini mimi ni damu yako. Niombe radhi, mwanangu. Mimi nitaipokea. Yaishe, twende nyumbani."

Radhi ilikuwa pale, ya bure, imenyooshwa kama mkono. Kalamu alitamani kuishika kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote. Alichomoa kalamu kwenye nywele, akaitazama, akaitia mfukoni.

"Hapana, Shangazi," alisema. "Kwa hili siombi."